Ratiba ya zamu, mlango wa kliniki na usiku wa kifo leba: hotuba ya kufungua wiki ya afya ya akili ya wafanyakazi

Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam alaykum. Dada Matroni, Daktari Mfawidhi, wakuu wa wodi, wenzangu wa maabara, famasia, jikoni, usafi, ulinzi na mochwari, habari za asubuhi.

Kabla ya yote, mliotoka zamu ya usiku nawaona mmejipanga mstari wa nyuma. Nendeni mkalale. Hotuba hii itabandikwa kwenye ubao wa matangazo na kutumwa kwenye kundi la wafanyakazi, na hakuna atakayeulizwa kwa nini hakukaa.

Wiki kama hii huwa na fulana, keki na mtu wa kutoka mjini anayekuja kutufundisha kuvuta pumzi. Sina ubaya na keki. Ila muuguzi akishavuta pumzi vizuri anarudi kwenye ratiba ileile ya zamu iliyomchosha. Kwa hiyo leo nitaanzia kwenye ratiba.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uchovu wa kazi uliopitiliza kwenye mambo yanayotokana na ajira. Halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni tatu, na zote mnazijua kwa sura. Ya kwanza ni nguvu kukauka, mtu analala na bado anaamka amechoka. Ya pili ni moyo kuwa mgumu: mgonjwa anaitwa “kitanda namba saba”, ndugu wakiuliza wanajibiwa kwa mkato, na mtu mwenyewe anajishangaa. Ya tatu ni kuona kazi yako haina faida tena, hata siku ambayo umeokoa mtu. Hiyo ya pili ndiyo tunayoiadhibu mara nyingi. Tunapokea malalamiko ya mgonjwa, tunaandika barua ya onyo, kisha tunamrudisha mtu zamu bila kuangalia alikuwa amefanya kazi saa ngapi.

Hebu tuchukue mkunga mmoja wa leba. Ni mfano niliouunga, msianze kutafuta ni nani. Jumatatu anafanya zamu ya jioni, saa 8 mchana hadi saa 2 usiku. Jumanne anaingia asubuhi saa 1:30 na kutoka saa 8 mchana. Jumatano anaingia usiku saa 2. Alhamisi asubuhi wakati wa kukabidhi zamu mama mmoja anaanza kutokwa damu, kwa hiyo mkunga wetu anabaki mpaka saa 3:30. Alhamisi hiyohiyo saa 2 usiku amerudi. Ijumaa asubuhi anatoka, na ratiba imeandikwa “ofu”. Jumamosi mwenzake anaumwa, basi anafanya asubuhi na kuunganisha jioni. Jumapili asubuhi yuko zamu.

Jumlisheni. Ni saa 56 na nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Juu ya hapo, ziada inaruhusiwa kwa makubaliano na kwa malipo ya mara moja na nusu, mradi isizidi saa 50 katika wiki nne. Ziada ya huyu ni saa 11 na nusu. Hata akirudia wiki hii mara nne mfululizo anafika 46. Mhasibu akiangalia jumla peke yake hataona kosa lolote, mradi makubaliano yapo na malipo yametoka.

Kosa liko kwenye nafasi kati ya zamu na zamu. Sheria hiyohiyo inadai mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kutoka na kuingia tena. Kutoka saa 2 usiku Jumatatu hadi saa 1:30 asubuhi Jumanne ni saa 11 na nusu. Jumamosi kuamkia Jumapili ni vilevile. Alhamisi, kwa sababu alibaki na yule mama, alipata saa 10 na nusu. Na Jumamosi yenyewe alifanya kazi saa 12 na nusu kwa siku moja, wakati kikomo ni 12. Sasa toeni daladala ya kwenda na kurudi, kupika, na watoto wa kuwaandaa shule. Kinachobaki cha kulala kwenye hizo saa 11 na nusu kinaweza kuwa saa tano.

Halafu kuna hiyo Ijumaa. Kwenye karatasi alipumzika saa 24 kamili, kuanzia saa 1:30 asubuhi ya Ijumaa hadi saa 1:30 asubuhi ya Jumamosi. Kwa kweli mchana wa Ijumaa alikuwa amelala usingizi aliouacha usiku. Hiyo tunaiita ofu, na ndiyo kasoro kubwa kuliko zote katika ratiba zetu. Kitabu cha mahudhurio hakiwezi kuionyesha kwa sababu kinajazwa kwa wodi: kinasema leba ilikuwa na mtu, hakisemi mtu huyohuyo alikuwa wapi saa 11 zilizopita. Mkuu wa wodi anayetaka kuiona achukue daftari la mistari, aandike jina la mtu mmoja upande wa kushoto na siku 28 mbele yake, kisha kati ya kila zamu na zamu aandike idadi ya saa. Kwa wodi yenye watu wanane ni kazi ya nusu saa. Popote panaposomeka chini ya 12, apige mstari mwekundu.

Kuanzia ratiba ya Novemba, hakuna kutoka zamu ya jioni na kuingia asubuhi inayofuata. Anayemaliza jioni ataingia jioni au usiku. Siku ya kulala baada ya zamu za usiku itaandikwa “L”, na ofu itakuja baada yake, siku nzima, na haitaitwa L. Matroni ameshaijaribu hesabu hii kwa watu tulionao na inakubali, isipokuwa leba na wodi ya watoto. Huko tumepungukiwa na watu, na huko nitarudi.

Nije kwenye jambo la pili. Uchovu huu na sonona hufanana kwa nje, na hospitali ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuvitofautisha, kwa sababu wote tunajiona tunajua. Mnaifahamu fomu ya maswali tisa, inayouliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na kuanzia 10 tunamwita mtu kwa uchunguzi kamili. Sasa mpe fomu hiyo mtu aliyemaliza wiki ya usiku. Swali la usingizi atajibu “karibu kila siku”. La kuishiwa nguvu, vivyo hivyo. La kushindwa kuweka akili kwenye jambo moja, vivyo hivyo. Ameshapata 9 kwa sababu ya ratiba, kabla hajaulizwa lolote kuhusu huzuni.

Kwa hiyo msisome jumla tu. Someni maswali mawili ya kwanza, la kukosa hamu na raha ya kufanya mambo, na la kujisikia mnyonge au kukata tamaa. Yakiwa sifuri, na alama zote zimelala kwenye usingizi na nguvu, anzeni na ratiba, na mpimeni damu pia, maana upungufu wa damu au tezi ya shingo inaweza kuleta sura ileile. Yakiwa juu, ulizeni kuhusu likizo. Aliyechoshwa na kazi, akikaa kijijini siku kumi, mara nyingi anaanza kucheka tena na kufurahia chakula. Mwenye sonona huwa anaibeba mpaka kijijini: harusi ya mdogo wake inapita na hakusikia kitu. Kipimo hiki kina mipaka yake, kwa sababu uchovu ulioachwa muda mrefu unaweza kuzaa sonona, na mtu mmoja akawa na vyote viwili.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hilo halisubiri jumla. Jibu lolote lililo juu ya sifuri, hata kama fomu nzima ina alama 4, linashughulikiwa siku hiyohiyo, ana kwa ana. Mtu haachwi peke yake, na kama ni mwenzetu anayeshika funguo za kabati la dawa, funguo zinapokelewa na mwingine kwa utulivu, bila mkutano. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapumua.

Hayo nayasema mjue namna ya kusoma. Wiki hii hakuna mfanyakazi atakayejaziwa fomu hiyo kwa amri ya utawala. Nimeombwa tupime wote ili tupate takwimu nzuri, na nimekataa. Fomu yenye jina la mfanyakazi ikiwa mezani kwa anayeandika tathmini yake ya mwaka, mfanyakazi atajibu sifuri tisa. Tutapata takwimu nzuri kweli, na zote za uongo.

Na hapo ndipo unyanyapaa unapoishi katika hospitali. Mabango yanasema tusiwacheke wagonjwa wa akili, nayo ni sawa, ijapokuwa bado nasikia kwenye korido mtu akikosea dozi anaambiwa apelekwe Milembe. Lakini mwenzetu haogopi bango. Anaogopa vitu vitatu vinavyoshikika: faili, mlango na karatasi ya mapumziko.

Faili lake likifunguliwa masjala, litapita mikononi mwa watu wanaokunywa naye chai. Fomu ya bima itabeba ugonjwa wake mpaka uhasibu. Dirishani famasia atapewa fluoksetini na mtu aliyemsimamia harusi. Tukimwambia “jisikie huru kuja” huku njia ni hiyo, tunamwomba ujasiri ambao sisi wenyewe hatuna.

Sasa fikirini mtu akijichoma sindano yenye damu. Kila mmoja hapa anajua la kufanya: osha kwa maji na sabuni, toa taarifa, anza dawa mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, meza siku 28. Hakuna anayeulizwa kwa nini hana wito. Njia imechorwa, inapita kliniki ya afya ya wafanyakazi, na kila mtu anaingia mlango ule, kwa sababu ndipo pia tunapochomwa chanjo ya homa ya ini mara tatu. Anayeonekana pale hajulikani amefuata nini.

Kwa hiyo huduma ya afya ya akili ya wafanyakazi itakuwa mlango huohuo, Jumanne na Alhamisi, saa 7 mchana hadi saa 11 jioni, ili wa asubuhi wapite wakitoka na wa jioni waombe nusu saa. Atakayewahudumia ni muuguzi wa afya ya akili kutoka kituo kingine, asiyeandika tathmini ya mtu yeyote hapa na asiye kwenye kundi letu la simu. Hatafungua faili la masjala. Atakuwa na daftari lenye namba tu, na ufunguo wa orodha ya majina atakaa nao mwenyewe. Dawa za mwezi wa kwanza atakuja nazo, na gharama yake hospitali italipa kwa ankara moja ya jumla isiyo na majina wala magonjwa. Mimi nitaona idadi ya waliohudumiwa kwa mwezi. Zaidi ya hapo sitaona, na mkisikia nimeuliza, mnikumbushe hotuba hii.

Karatasi ya mapumziko, ile tunayoiita ED, itaandikwa siku na kizuizi cha kazi. Haitaandikwa ugonjwa. “Siku 14” inatosha. “Asifanye zamu ya usiku kwa miezi miwili” inatosha. Sheria inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Haikugawanya magonjwa ya mwilini na ya akilini. Mkuu wa wodi akipokea ED hana ruhusa ya kuuliza “unaumwa nini hasa”. Anauliza unarudi lini, basi.

Kizuizi cha usiku kinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndicho kinacholeta manung'uniko. Amitriptilini huleta usingizi, kwa hiyo hunywewa jioni. Aliyeanzishwa dawa hiyo akipangwa usiku atachagua moja kati ya mawili: aruke dozi, au asinzie akiwa na wagonjwa 30. Fluoksetini kwa kawaida hunywewa asubuhi na haina shida hiyo kwa wengi, lakini inaweza kuchukua wiki mbili hadi nne kabla mtu hajaona tofauti, na hizo ndizo wiki anazotaka kuacha, akidhani haifanyi kazi. Usiku wa kukesha katika kipindi hicho unaharibu hata kile ambacho dawa ingejenga. Sheria inakataza kumpanga usiku mtu aliyethibitishwa na daktari kuwa hafai kwa zamu ya usiku, kama inavyokataza kumpanga mjamzito katika miezi miwili ya mwisho. Kwenye ratiba wote watawekewa alama moja, “M”, na wenzake wasijue ni mimba changa, mgongo au sonona.

Na neno moja kuhusu diazepamu. Najua inavyopatikana: kidonge kilichobaki, mwenzako wa famasia, “nisaidie nilale tu mchana huu”. Usingizi wa mchana baada ya usiku unasaidiwa na pazia zito, simu kuzimwa na kuacha chai ya rangi kuanzia saa 9 usiku. Diazepamu ikizoeleka kwa wiki chache, kuiacha ghafla kunaleta kukosa usingizi kubaya kuliko kule ulikoanza nako. Aliyekwisha kuizoea aje mlango ule wa Jumanne na Alhamisi apunguziwe taratibu. Hatafikishwa kwenye nidhamu kwa kuja kuomba msaada.

Jambo la tatu ni usiku ambao mama anafariki leba.

Mnajua unavyokwenda katika hospitali nyingi. Mama ametokwa damu, mkunga na daktari wamehangaika, amefariki saa 10 alfajiri. Mkunga anamwosha, anajaza kumbukumbu peke yake, anakutana na ndugu mlangoni peke yake. Saa 2 asubuhi anasimamishwa kwenye ripoti ya asubuhi mbele ya watu 40, akiwa hajalala tangu jana mchana. Anaulizwa oksitosini aliitoa saa ngapi. Anajibu vibaya kwa sababu hakumbuki, na jibu lile ndilo linalomfuata miaka. Kisha anapanda bodaboda kwenda nyumbani.

Mwongozo wa ufuatiliaji wa vifo vya uzazi unataka taarifa ndani ya saa 24 na kikao cha mapitio ndani ya siku saba, bila kutaja jina wala kulaumu. Haukudai mtu ahojiwe kabla hajalala. Kuanzia leo tutakwenda hivi. Msimamizi wa zamu wa hospitali anafika leba na kukaa. Ndugu wanaambiwa na daktari akiwa na mtu wa pili, na huyo wa pili hatakuwa mkunga aliyekuwa akihangaika na mama. Kumbukumbu zinajazwa na watu wawili, mmoja akisoma saa kutoka kwenye chati na mwingine akiandika. Kwenye ripoti ya asubuhi daktari anasoma mambo ya kitabibu, na mkunga hayupo. Amepewa chai, ameulizwa anataka kupigiwa nani, na gari la hospitali limempeleka mpaka mlangoni. Ofu yake ni siku mbili. Kikao cha mapitio atakuja akiwa amelala.

Mtaniuliza mbona sijasema tuwakusanye wote waliokuwa zamu wasimulie kilichotokea, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa mtindo, na bado inafanywa kwa nia njema. Utafiti haukuonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kinazuia madhara, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike. Anayetaka kusema asikilizwe, anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze. Kinachofanywa ni kumfuatilia: Matroni atampigia siku ya tatu, na tena baada ya wiki mbili, na mwezi ukitimia. Ndoto mbaya na kushtuka siku za mwanzo ni vya kawaida na kwa wengi vinapungua. Mwezi ukipita na bado anaona damu ile akifumba macho, anakwepa chumba kile, anabadilisha zamu ili asikutane na kitanda kile, basi anahitaji mtaalamu, na njia nimeshaitaja.

Sasa gharama, maana ahadi bila gharama mmezisikia nyingi. Ratiba hii haizalishi wakunga. Leba ina upungufu, na mtu akiumwa Jumamosi lazima mwingine aje. Atakayeitwa kwanza si yule aliyetoka usiku, hata kama anaishi karibu na hakatai. Ataitwa muuguzi wa utawala aliye zamu ya kuitwa, kisha mkunga wa kliniki ya wajawazito, kisha aliyemaliza ofu. Wote hao wakikosekana, tunaahirisha upasuaji usio wa dharura wa Jumatatu, henia na uvimbe mdogo, ili muuguzi wa thieta ahamie leba. Wagonjwa hao watakasirika, na baadhi watakwenda kwingine na fedha zao. Bodi imeelezwa hivyo na imekubali kwa miezi sita, baada ya hapo itataka kuona daftari lile la mistari myekundu.

Walinzi na wasafishaji wako chini ya wakala na ratiba zao hatuziandiki sisi. Mlango wa kliniki uko wazi kwao pia. Kuhusu saa zao, mazungumzo na wakala yanaanza mwezi huu na sina la kuwaahidi leo.

Ratiba ya Novemba itabandikwa tarehe 20 kwa penseli. Atakayeona chini ya 12 kati ya zamu zake amwone Matroni kabla ya tarehe 25. Maswali tuanze nayo sasa, na ningependa leba waulize kwanza.